Kagoma kula ili begi lisijae: mzee fundi, kolostomi yake na wanafunzi wangu

Kwenye faili wanafunzi walikuwa wameandika "hamu ya kula ndogo" kila zamu, asubuhi, mchana, usiku, miandiko tofauti ila maneno yaleyale, na daktari kwenye raundi akasoma akaandika vitamini. Hakuna aliyemuuliza mzee mwenyewe. Mi nilipovuta stuli nikakaa karibu yake nikamuuliza mbona uji umerudi mzima, akaniambia kwa sauti ya chini, "Sista, nikila hili begi linajaa, na likijaa mnakuja watu wanne kunifunua." Kumbe hamu anayo tele, anajinyima tu ili asipate choo mbele za watu. Na hii si ajabu hata kidogo, wagonjwa wengi wa kolostomi, yaani waliotolewa utumbo mpana nje kupitia tumboni ili choo kitokee kwenye begi, wanaifanya siku za mwanzo, wanapunguza chakula, wanapunguza maji, alafu sisi tunaandika hamu ndogo tunapita zetu.

Mi ni mkufunzi wa unesi, nafundisha darasani na wodini, na hiki kisa nakiandika kwa ajili ya wale mnaosoma unesi na wale mnaouguza mtu nyumbani. Mambo yanayoweza kumtambulisha huyu mzee nimeyabadili. Tumwite mzee fundi, maana ni fundi cherehani hapa Tanga, kanzu na sare za shule, miaka sitini kasoro. Alikuja usiku tumbo limevimba ngoma, choo hakuna, hata upepo hautoki, kumbe utumbo mpana sehemu ya chini, ile wanayoita sigmoidi, umejisokota. Huku kwetu Afrika Mashariki ni moja ya sababu kubwa za utumbo kuziba kwa watu wazima. Walipofungua wakakuta kipande kile kimeshakuwa cheusi, kimekufa, wakakikata, wakafunga ule mkia unaobaki kwenda njia ya haja kubwa, na ncha ya juu wakaitoa nje kupitia ukuta wa tumbo upande wa kushoto chini. Hiyo ncha ndo stoma. Oparesheni inaitwa Hatmani.

Sasa fikiria, mtu kaingia tieta na maumivu ya tumbo, karidhia oparesheni kwa kidole gumba usiku wa manane, kaamka ana kitu chekundu kinatokeza tumboni na begi limebandikwa juu yake. Kwa oparesheni ya kupanga mgonjwa anatakiwa aelezwe kabla na nesi amuwekee alama pa kutolea stoma, akiwa amelala, amekaa, amesimama, ameinama, ili isiangukie kwenye mkunjo au mstari wa mkanda. Kwenye dharura hiyo nafasi huwa haipatikani. Mzee fundi yake ilitoka karibu kidogo na mkunjo wa tumbo, na huo mkunjo ndo uliokuja kutusumbua baadaye, nitafika huko.

Mara ya kwanza wanafunzi wangu kubadilisha begi walikuja wamevaa glovu mbilimbili, barakoa, aproni, wengine wakasimama mbali na mmoja kakunja pua bila hata kujijua. Mzee akawatazama akauliza, "Kwani nina kipindupindu?" Hakuna aliyemjibu. Wote wakainamisha macho kwenye stoma, na yeye akageuzia uso ukutani akavuta kanga ya mkewe akajifunika macho.

Nikawatoa nje. Nawaambiaga hivi: glovu pea moja inatosha, barakoa ya nini, hiki ni choo, kila mmoja wenu kakipata asubuhi. Harufu mtaisikia na ni sawa kuisikia, ila uso wako ndo kioo cha kwanza mgonjwa anachojitazamia, akiona umekunja anajua amekuwa kinyaa, na akishajua hivyo humrudishi kirahisi. Pumua kwa mdomo taratibu, endelea kuongea naye habari zake. Na hakuna kwenda watu wanne. Mfanyaji mmoja, mtazamaji mmoja, pazia limefungwa, na kabla ya kufunua unamwamkia, unaomba ruhusa, "Shikamoo mzee, naomba nikufunue nione kidonda na stoma," unasubiri akuitikie. Mtoto wa umri wa mjukuu wake anamfunua nguo bila hodi, huko kwetu hata kama umevaa yunifomu ni utovu wa adabu tu.

Alafu kuna kitu wanafunzi hawaambiwi vya kutosha, stoma yenyewe haina hisia za maumivu kama ngozi. Ukiigusa mgonjwa hasikii unamchoma, hata ikijikwaruza hatajua, kwa hiyo ulinzi wake ni macho. Inatakiwa iwe nyekundu au pinki iliyoiva, imelowa, kama ndani ya mdomo wako. Ukiifuta ikatoa tone la damu usipige kelele, ina mishipa midogo mingi, bonyeza na gozi yenye maji itaacha. Ila ikigeuka zambarau, kahawia au nyeusi, hapo damu haifiki vizuri, unamwita daktari sasa hivi, husubiri raundi. Hali kadhalika ikizama ndani ghafla, au damu inatoka kutoka ndani ya tundu bila kukoma, au haitoi upepo wala choo huku tumbo linavimba na mgonjwa anatapika.

Kwenye siku za mwanzo usishangae begi likikaa tupu. Kinachotangulia kwa kawaida ni upepo, begi linatuna kama puto, alafu choo laini, na kwa vile hii stoma iko mwisho mwisho wa utumbo mpana, baada ya muda choo kinarudi kuwa kizito karibu na kile alichokizoea. Hii ni tofauti kubwa sana na stoma ya utumbo mwembamba, ile inatoa maji maji mchana kutwa yenye vimeng'enya vinavyokula ngozi, msizichanganye hata siku moja, maana yale nitakayoyasema ya kitambaa huko chini hayafai kwa mgonjwa wa utumbo mwembamba.

Turudi kwa kula. Nilichofanya kwanza sikugusa chakula, nikagusa begi. Kama hofu yake ni watu kumfunua, basi dawa ni yeye kujimwagia mwenyewe. Wakufunzi wengi tunaanzaga na kubadilisha begi zima kwa sababu ndo iko kwenye prosija ya mtihani, lakini kwa mgonjwa hiyo ndo kazi ngumu kuliko zote, inabidi aitazame stoma, aiguse, akate, abandike. Kumwaga hakumlazimishi hata kuiona. Anafungua klipu kule chini ya begi, anamimina, anafuta, anafunga. Mtu akiweza hivyo tu anaweza kwenda chooni peke yake, na akienda chooni peke yake ameshakuwa mtu mzima tena.

Mwanafunzi mmoja wa kiume mpole sana nikamkabidhi hiyo kazi. Siku ya kwanza mzee alishika klipu tu, kufungua na kufunga begi jipya tupu akiwa amekaa kitandani na begi liko mkononi. Ni fundi, vidole vyake vinaelewa vitu haraka, baada ya muda mfupi akawa anamuonyesha kijana jinsi ya kukunja mkia wa begi mara moja tu juu ya klipu, si mara mbili, maana ukikunja sana klipu haifungi. Baadaye akamwaga la kwake kwenye beseni, uso kaugeuza pembeni, mikono inafanya kazi. Tukamwacha hivyohivyo, hatukumwambia "tazama mzee." Alitazama mwenyewe siku aliyotaka.

Kuhusu kumwaga kuna vitu viwili. Kwanza usisubiri lijae, likifika theluthi hadi nusu mwaga, begi zito linavuta plasta na ndo linaanza kuvuja usiku. Upepo nao unautoa hivyohivyo kwa kufungua klipu, usitoboe begi na sindano, nimekuta mtu katoboa na kuziba na plasta, harufu ikamfukuza kwenye daladala. Pili, vyoo vyetu. Vitabu vinasema mgonjwa akae kwenye choo amiminie katikati ya mapaja, sasa mzee wangu nyumbani ana choo cha kuchuchumaa, na mwenye mshono mbichi wa tumbo kuchuchumaa hawezi. Tukafanya mazoezi kwenye choo cha wodi, anapiga goti moja juu ya kitambaa, au anasimama kainama kidogo anamwagia kwenye kopo la plastiki lenye maji kidogo chini, alafu anamwaga kopo chooni. Wodini akiwa bado amelala begi tunalibandika likielekea ubavuni, akishaanza kutembea linaelekea chini miguuni. Kitu kidogo lakini ukikisahau choo kinakaa juu ya stoma hakishuki.

Alipoweza kumwaga akaanza kula. Sikumwambia kitu, bakuli ndo lilirudi tupu.

Sasa kubadilisha. Hili begi lililopatikana lilikuwa la kipande kimoja, mfuko na plasta vimeungana, na kwenye karatasi ya nyuma ya plasta kuna miduara yenye milimita. Kama ningekuwa na nafasi ya kufundisha kitu kimoja tu kuhusu stoma ningefundisha ukubwa wa lile tundu, matatizo mengi sana ya ngozi yanaanzia hapo. Tundu linatakiwa lizidi stoma kwa milimita 2 hadi 3 tu kuizunguka. Likiwa dogo linaibana na kuikata stoma ikivimba, likiwa kubwa choo kinakaa kwenye ngozi iliyobaki wazi, na ngozi ya tumbo haikuumbwa kukaa na choo. Na stoma haibaki saizi moja. Ya mzee wiki ya kwanza ilikuwa milimita 40 kwa upana, imevimba kutokana na oparesheni, na kwa kawaida zinaendelea kusinyaa kwa wiki 6 hadi 8. Kwa hiyo anayepewa begi zilizokatwa tayari zote saizi moja siku ya kuruhusiwa, wiki ya tano anakuwa na pete ya ngozi nyekundu inayochoma, na yeye anadhani ni aleji.

Hapo ndo ufundi wa mzee ulipoingia. Sisi tulikuwa tunachora duara na peni, yeye akaangalia mkato wa mwanafunzi mmoja akasema, "Mwanangu hii shingo umeikata ovyo, itafumuka." Akaomba karatasi ngumu, akapima, akakata patani. Maana stoma yake si duara kamili, ni yai yai, na yeye ndo alikuwa wa kwanza kuliona hilo. Patani akaandika juu yake tarehe na neno JUU, ili asiigeuze. Huyu mtu wiki iliyopita alikuwa anajifunika macho na kanga! Akatufundisha na kupitisha kidole pembeni ya mkato kulainisha meno meno ya mkasi yasikwaruze stoma, kitu ambacho ni kweli kiko kwenye mafunzo ila wanafunzi wanakirukaga.

Tukawa tunabadilisha asubuhi kabla hajanywa chai, utumbo ukiwa umetulia, maana ukibadilisha baada ya kula stoma itakumwagia katikati ya kazi. Unaweka vitu vyote karibu kwanza, maji ya uvuguvugu, vitambaa laini, begi limeshakatwa, mfuko wa taka. Unamwaga begi la zamani, unabandua kutoka juu kwenda chini taratibu huku mkono mwingine unasukuma ngozi, hauvuti plasta, unasukuma ngozi. Unaosha na maji tu. Hakuna spiriti, hakuna Detoli, hakuna mafuta ya nazi wala vaselini chini ya plasta, na sabuni ikiwa lazima iwe isiyo na mafuta na isuuzwe kabisa, vinginevyo gundi haishiki. Unakausha kwa kugusagusa, husugui. Plasta unaipasha moto kwanza kwapani au chini ya paja dakika chache, alafu unabandika kuanzia chini ya stoma kwenda juu, na unaweka kiganja juu yake dakika moja au mbili, ile gundi inalainika kwa joto la mwili ndo inashika. Wanafunzi hiki kiganja wanakionaga kama kupoteza muda, na begi zao ndo zinazobanduka usiku.

Likikaa vizuri siku 3 au 4 bila kuvuja hilo ni begi zuri. Lakini la mzee lilikuwa linavuja kabla, na linavuja akikaa. Akilala shwari, akikaa linavuja. Hapa ndo nataka wanafunzi mnisikilize, begi lililovuja usilitupe kabla hujaligeuza nyuma. Plasta inakusimulia kila kitu. Tulipogeuza tukakuta upande mmoja tu, kuelekea kitovuni, gundi imeyeyuka nyeupe na mchirizi wa choo umekimbia mpaka ukingoni, pande nyingine safi. Tukamwambia akae, ainame mbele kama anavyokaa kwenye cherehani, tukaona mkunjo wa ngozi umejitokeza palepale, akilala unapotea. Ndo maana daktari akimpima kalala haoni kitu.

Kuna pesti maalum ya kujazia mikunjo ila bei yake na upatikanaji wake huku mikoani ni kizungumkuti. Tulichofanya ni kuchukua vile vipande vya plasta vinavyobaki ukikata tundu, wengi wanavitupa, tukakata vipande vyembamba tukavipanga kwenye mkunjo mpaka ngozi ikawa sawa, alafu ndo plasta kubwa juu. Mzee akacheka, "Hiki ni kiraka." Basi kikaitwa kiraka mpaka leo wodini.

Ngozi nayo unaisoma hivyohivyo. Wekundu wa pete kuizunguka stoma, tundu ni kubwa. Wekundu upande mmoja, inavuja upande huo. Wekundu wenye umbo lilelile la plasta nzima, hapo ndo ufikirie aleji. Vipele vyekundu vinavyowasha na vingine vidogo vimetawanyika pembeni, hasa kipindi cha joto na jasho la huku pwani, hiyo mara nyingi ni fangasi, anahitaji poda ya dawa ya fangasi, unaipaka kidogo unapangusa inayobaki ndo ubandike. Vipele kwenye mashina ya nywele ni kwa sababu begi linang'oa nywele, punguza nywele na mkasi. Mwanafunzi akiniandikia tu "ngozi imeharibika" namrudishia faili.

Siku moja mwanafunzi wa zamu ya usiku akanipigia simu kapaniki, mzee kaenda haja njia ya kawaida, katoa kitu kama makamasi, na yeye mwenyewe analia anasema oparesheni imefumuka. Haijafumuka. Ule mkia uliofungwa bado uko hai na bado unatengeneza ute wake, ukijikusanya mgonjwa anasikia haja kabisa kama zamani, anakaa chooni unatoka. Ni kawaida, na anatakiwa aambiwe kabla haijatokea, siyo baada. Kikitoka usaha unaonuka au damu pamoja na homa na maumivu, hiyo ni habari nyingine, aonwe.

Sasa kuna mambo ambayo kwenye fomu yanaitwa "saikolojia ya mgonjwa" na wanafunzi wanaandika "ameshauriwa, ameelewa." Kaelewa nini? Mzee hakuwa na tatizo moja linaloitwa saikolojia, alikuwa na maswali yake matatu na kila moja lina mlango wake.

La kwanza ni sala. Alikuwa haswali tangu oparesheni, anasema yeye ni najisi kwa hiyo atatawadhaje na hiki kitu kinatoka muda wowote bila kumwambia. Stoma haina msuli wa kuzuia kama njia ya kawaida, hapo yuko sahihi. Mi si wa kumjibu hilo na nikamwambia mwanafunzi aliyetaka kujibu anyamaze, tukamwita sheikh wa mtaani kwake. Sheikh akamweleza kwamba yeye ni mwenye udhuru, wakati wa sala ukiingia anamwaga begi, anajisafisha, anatawadha, anaswali, na kikitoka kitu katikati ya sala yake hakimdhuru, sala nyingine anatawadha upya. Kazi yetu sisi ilikuwa kumfundisha begi lifungwe vizuri na lisinuke. Begi zima halitoi harufu, kwa hiyo ukiisikia harufu ni ama linavuja ama mkia wa begi haukufutwa ndani kabla ya kufunga, futa sentimita 2 hivi za ndani na karatasi au kitambaa cha maji ndo ufunge. Mayai, vitunguu, samaki na kabichi vinaongeza harufu na upepo, lakini sikumkataza, Tanga umkataze mtu samaki? Nilimwambia ajaribu kimoja kimoja ajijue, anywe maji ya kutosha na asiache papai, maana kolostomi inaweza kufunga choo kama mtu mwingine yeyote.

La pili hakuliuliza yeye, aliuliza mkewe, kwenye korido, akiwa ameshika kapu la chakula na ameangalia chini, "Mwanangu, na mambo ya ndani?" Hili wanafunzi wanaliogopa kuliko kidonda. Nikamchukua pembeni peke yake, hakuna mwanafunzi wa kiume hapo, nikabaki na msichana mmoja ili ajifunze jinsi ya kuongea. Nikamwambia unyumba haujafa, mshono ukishapona na daktari akisharidhia, kwa kawaida baada ya wiki kama 6, wanaweza, begi limwagwe kabla, likunjwe, lifungiwe na kanga au mkanda, na wachague mkao usiolikandamiza. Stoma yenyewe haiingizwi kitu chochote, hilo lisemwe wazi. Na kwenye oparesheni za sehemu za chini zaidi neva zinaweza kuguswa mwanaume akapata shida, akiona hivyo arudi kuonana na daktari, wasilaumiane ndani. Mama akaitikia tu, alafu akauliza mengine mengi aliyokuwa ameyaweka.

La tatu ni riziki, ataweza kushona? Ataweza, ila asibebe kitu kizito zaidi ya kama kilo 5 kwa wiki 6 hadi 8, maana ukuta wa tumbo umetobolewa na utumbo unaweza kujisukuma pembeni ya stoma ukawa henia. Cherehani ya miguu sawa, kuinua lile jora la kitambaa amwachie kijana wake.

Na begi zenyewe? Hapa ndo pagumu na sitaki kuwapamba. Mtu akibadilisha kila siku 3 au 4 anahitaji kama 8 hadi 10 kwa mwezi, huku mikoani mara nyingine duka la dawa halina, na zikiwepo wengi wanalipa mfukoni. Zamani watu walikuwa wanafunga mifuko ya rambo, tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania, na hata hivyo rambo ilikuwa inaunguza ngozi kwa jasho. Kwa kolostomi ya sigmoidi yenye choo kizito kitambaa kinawezekana siku za kukosa begi. Mzee akashona mkanda wa pamba mpana wenye tundu na mfuko mdogo mbele, anaweka pedi ya kitambaa laini juu ya stoma, ngozi pembeni anapaka zinki oksaidi kuikinga, anabadilisha kila akipata choo, anafua na sabuni anaanika juani. Zinki hiyo ni kwa siku za kitambaa tu, siku akirudi kwenye begi aioshe yote, gundi haikai juu yake.

Wanafunzi nao niliwapa zoezi, kila mmoja abandike begi tumboni lenye vijiko vichache vya uji mzito wa ulezi, akae nalo kutwa, aende nalo darasani, kantini, apande nalo daladala. Si sawa na kuwa na stoma na nawaambia wasije wakamwambia mgonjwa "najua unavyojisikia." Ila wamerudi na vitu ambavyo siwezi kuvifundisha kwa ubao. Mmoja alikaa kiti cha mwisho kwenye daladala asisogelewe, mwingine kila dakika anagusa tumbo, msichana mmoja hakula mchana, alipoulizwa akasema "niliogopa lisije likajaa," alafu akanyamaza, akamwangalia mwenzake aliyeandika hamu ndogo. Kijana mmoja alilibandua njiani kwenda kula, akasema ukweli, na mjadala mzuri kuliko wote ukatokea hapo, kwamba yeye aliweza kulibandua.

Tangu hapo maandishi ya faili nimewabadilishia. Sitaki "kafundishwa utunzaji wa stoma." Nataka rangi, milimita, kilichotoka, ngozi ikoje, na mgonjwa mwenyewe kafanya nini kwa mikono yake: kamwaga bila msaada, kafunga klipu, kaitazama, kakata kwa patani. Aliyeruhusiwa bila kubadilisha begi zima mwenyewe, au ndugu yake mmoja kubadilisha tukiwa tunaangalia, hajawa tayari kwenda nyumbani hata kama kidonda kimekauka.

Mzee alirudi kliniki wiki ya sita. Stoma imesinyaa mpaka milimita 32, na yeye ana patani tatu mfukoni zimeandikwa tarehe, ya mwisho ndo aliyokuwa anaitumia, ngozi safi kabisa. Daktari akamweleza kwamba ya kwake inaweza kurudishwa ndani, utumbo ukaunganishwa tena, kwa kawaida wanasubiri miezi 3 au zaidi mpaka ndani kupoe, ni oparesheni kubwa nyingine yenye hatari zake, kiungo kinaweza kuvuja, na ina gharama, kwa hiyo aende akazungumze na familia. Mzee akauliza tarehe, akahesabu kwa vidole, akasema hapana, kipindi hicho ni cha kanzu za Idi, wateja wameshaweka advansi, yeye atakuja baada ya sikukuu.